Pembetatu iliyopimwa hadi chini ya sifuri

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Likoni. Nimechora pembetatu ya kushuka kwenye chati ya siku ya altikoini moja. Kilele chake cha kwanza ni dola 1.90 na sakafu ni dola 0.80. Nikipima kimo na kukishusha kutoka kwenye sakafu kama nilivyofundishwa, napata bei iliyo chini ya sifuri. Kosa langu liko wapi? Na pembetatu ya kupanda, na ile ya pande mbili, nazipimaje?"

Marahaba, kijana wangu. Kutoa umetoa sawasawa. Ukiondoa 0.80 kwenye 1.90 inabaki 1.10, na ukiishusha 1.10 hiyo kutoka kwenye sakafu unaishia senti thelathini chini ya sifuri. Kilichokupotosha ni rula. Umepima kwa dola mwendo uliopaswa kupimwa kwa uwiano, na katika chati za altikoini, yaani sarafu za kidijitali zisizo Bitcoin, rula hizi mbili hutengana sana, hasa pale ambapo pembetatu ni pana kama yako.

Kanuni uliyofundishwa ni kongwe kuliko sarafu za kidijitali. Iliandikwa na kuenezwa na wachambuzi wa soko la hisa la Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, watu waliokuwa wakichora chati zao kwa mkono. Chukua hisa iliyokuwa ikicheza kati ya dola 40 na dola 46 kwa miezi miwili. Kimo cha pembetatu yake ni dola 6, na sakafu ya 40 ikivunjika, shabaha, yaani bei inayotarajiwa kufikiwa, kwa njia ya kutoa ni dola 34. Kwa njia ya uwiano, shabaha hiyohiyo ni takriban dola 34.80. Tofauti haifiki hata dola moja, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu kubwa ya kuhangaika nayo, na kanuni ikapokewa kizazi baada ya kizazi kwa namna yake nyepesi. Altikoini hazichezi kati ya 40 na 46. Zinaweza kutoka 1.90 hadi 0.80 ndani ya umbo moja, na hapo ndipo kanuni nyepesi inapokwama. Mpaka wake ni rahisi kuujua: kilele kikiwa mara mbili ya sakafu, kimo kinakuwa sawa na sakafu yenyewe, na shabaha inaangukia kwenye sifuri kamili. Kilele kikizidi mara mbili, utapata bei ambayo haiwezi kuwapo sokoni, kama ilivyokutokea.

Njia ya uwiano ni hii:

```
R = kilele / sakafu
shabaha ya kushuka = bei ya mvunjo / R
shabaha ya kupanda = bei ya mvunjo * R
```

Mvunjo ni pale bei inapotoka nje ya mstari wa pembetatu. Katika chati yako R ni 1.90 kugawanya kwa 0.80, yaani 2.375, na ukigawanya 0.80 kwa 2.375 unapata karibu dola 0.34. Hiyo ni bei inayowezekana. Maana yake ni rahisi pia. Aliyenunua kwa 1.90 na kuishuhudia 0.80 amepoteza asilimia 58 ya fedha zake. Kanuni ya kupima inadai kwamba mwendo uliokuwa ndani ya pembetatu utajirudia nje yake, na kwa mwenye fedha mwendo huo ni asilimia 58, si dola 1.10. Aliyenunua kwenye sakafu naye akipoteza asilimia 58, atabaki na 0.34.

Kama hupendi kugawanya kila mara, badilisha skeli ya chati. Katika programu nyingi za chati kuna alama ya `Log` au `L` chini ya mhimili wa bei, na kwa TradingView kwenye kompyuta unaweza kubonyeza `Alt + L`. Katika skeli ya logi, umbali kutoka 1 hadi 2 huwa sawa na umbali kutoka 2 hadi 4, kwa kuwa kote bei imeongezeka mara mbili. Ukichora mstari wima kwenye kimo cha pembetatu katika skeli hiyo, ukaunakili na kuuning'iniza chini ya sakafu, utaangukia kwenye 0.34 bila hesabu yoyote, na hautagusa sifuri hata ungekuwa na pembetatu pana namna gani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni wa Bitcoin yenyewe katika mwaka 2018, na altikoini nyingi ziliuishi pamoja nayo. Kuanzia Februari ya mwaka ule bei iliegemea sakafu iliyokuwa karibu na dola 5,900, huku vilele vikipungua kimoja baada ya kingine: karibu 11,700 mwezi Februari na mwanzoni mwa Machi, chini kidogo ya 10,000 mwanzoni mwa Mei, na takriban 8,400 mwezi Julai. Hiyo ni pembetatu ya kushuka kwa kila sifa yake. Sakafu ilivunjika tarehe 14 Novemba. Aliyepima kwa kutoa alipata kimo cha dola 5,800 na shabaha ya dola 100, na nakumbuka michoro ya namna hiyo ilikuwa ikipita mikononi mwa watu kana kwamba ni hukumu. Aliyepima kwa uwiano alipata R ya karibu 1.98 na shabaha ya takriban dola 2,975. Katikati ya Desemba bei iligota karibu na dola 3,200 na kugeuka. Shabaha ya uwiano haikuguswa hasa, lakini ilimwonyesha mtu mtaa ambao bei ilikuwa ikielekea. Ile ya kutoa ilimpeleka jangwani.

Sasa nirudi kwenye 1.90 yako, kwa maana nina shaka nayo kabla sijaikubali 0.34. Kwenye chati yako kila siku ni mshumaa mmoja: mwili wake unaanzia bei ya kufungua na kuishia bei ya kufungia, na utambi unaonyesha bei iliyoguswa tu nje ya hapo. Je, hiyo 1.90 ni bei ambayo mshumaa ulifungia, au ni ncha ya utambi? Altikoini nyingi zina daftari jembamba la oda, yaani kati ya bei moja na nyingine hakuna wauzaji wa kutosha. Ni kama Marikiti asubuhi na mapema wakati kuna wauzaji wawili tu wa embe: akija mnunuzi mmoja mwenye haraka akataka matenga kumi, bei itaruka kwa dakika chache, kisha wauzaji wengine wakifika inarudi ilipokuwa. Kwenye chati, mruko huo huacha utambi mrefu juu ya mshumaa. Ukiuhesabu utambi huo kuwa kilele cha pembetatu, umepima haraka ya mtu mmoja na si nguvu ya soko.

Tuseme siku ile bei ilifika 1.90 kwa dakika chache lakini mshumaa ukafunga kwa 1.62. Ukitumia 1.62, R inakuwa 2.025 na shabaha inapanda hadi karibu 0.40. Kati ya 0.34 na 0.40 kuna tofauti ya zaidi ya asilimia kumi na tano, na tofauti hiyo imeletwa na utambi mmoja tu. Ninachofanya mimi ni kufungua chati ya sarafu hiyohiyo katika soko la pili na la tatu. Utambi ukionekana kote kwa urefu unaokaribiana, nauhesabu, kwa kuwa ni kweli kwamba watu wengi walinunua huko juu na sasa wanabeba hasara. Ukionekana katika soko moja tu, nauacha na kupima kutoka kwenye bei za kufungia. Lolote utakalochagua, lichague kwa pande zote mbili za pembetatu. Usipime kilele kwa utambi na sakafu kwa mwili wa mshumaa, kwa sababu hapo unakuwa umechanganya vipimo viwili katika kimo kimoja.

Jambo jingine ni kwamba hukuniambia iwapo sakafu ya 0.80 imekwisha kuvunjika. Bila mvunjo hakuna kitu cha kupima kutoka kwake. Hapa watu wengi wa pwani hukosea kwa sababu ya saa. Masoko ya sarafu hayafungi, kwa hiyo mshumaa wa siku hufungwa kwa saa ya dunia, yaani saa `00:00 UTC`, na kwetu Mombasa hiyo ni saa tisa za usiku. Unapolala saa nne usiku ukiwa umeona bei iko 0.77, mshumaa unaoutazama bado uko hai kwa saa tano nyingine. Mara nyingi sana bei huzama chini ya sakafu jioni, ikazoa maagizo ya kukata hasara ambayo watu wameyaweka palepale chini ya mstari, kisha ikarudi juu ya 0.80 kabla ya saa tisa. Asubuhi utakuta utambi mrefu chini ya sakafu na mwili wa mshumaa juu yake. Huo si mvunjo. Ukiuza kwa hofu ya jioni, umeuza mahali pabaya kuliko pote.

Ikiwa huwezi kusubiri mshumaa wa siku, tumia wa muda wa saa nne, ambao kwetu hufungwa saa moja asubuhi, saa tano asubuhi, saa tisa alasiri, saa moja jioni, saa tano usiku na saa tisa usiku. Lakini pembetatu iliyochorwa kwenye chati ya siku huthibitishwa na mshumaa wa siku. Mshumaa wa saa nne unakupa taarifa ya mapema tu, na hiyo taarifa huwa ya uongo mara nyingi, hasa Jumamosi na Jumapili ujazo wa mauzo unapopungua.

Ujazo huo wenyewe ndio shahidi wa pili. Katika pembetatu iliyo hai, nguzo za ujazo chini ya chati hupungua kadiri bei inavyobanwa, kwa kuwa wanunuzi na wauzaji wanangojana. Siku ya mvunjo nguzo inatakiwa isimame juu ya zile za siku kumi au ishirini zilizotangulia kwa namna ambayo jicho linaiona bila kubahatisha. Sakafu ikivunjika kwa ujazo mdogo, bei inaweza kuendelea kushuka, kwa sababu kitu huanguka hata bila kusukumwa. Lakini dari ikivunjika kwa ujazo mdogo, mimi siinunui. Kupanda kunahitaji fedha mpya, na fedha mpya huonekana kwenye nguzo.

Tazama pia mvunjo umetokea wapi katika urefu wa pembetatu. Mistari miwili inayokaribiana itakutana mahali, na mahali hapo ndipo kwenye ncha. Mvunjo wenye nguvu kwa kawaida hutokea baada ya nusu ya safari na kabla ya robo ya mwisho. Kama pembetatu yako ilianza siku ya kwanza na ncha yake iko siku ya 120, tarajia mvunjo wa maana kati ya siku ya 60 na ya 90. Bei ikijikokota mpaka karibu na ncha, kimo ulichokipima mwanzoni kimeshapoteza maana: waliokuwa wakivutana wamechoka na kuondoka, na bei itatoka upande wowote kwa mwendo wa kinyonge. Pembetatu ya namna hiyo naifuta kwenye chati, hata kama mistari yake ni mizuri.

Kuhusu pembetatu ya kupanda, umbo lake ni la kwako lililogeuzwa: dari imelala na mabonde yanapanda, kila mara wanunuzi wakikubali kulipa zaidi kidogo kabla bei haijarudi kugonga dari. Chukua dari ya 1.20 na bonde la kwanza la 0.80. Kwa kutoa, kimo ni 0.40 na shabaha ni 1.60. Kwa uwiano, R ni 1.5 na shabaha ni 1.80. Hapa zote mbili ni bei zinazowezekana, na ndiyo maana watu hawatambui kwamba kuna suala la kuamua. Ukiangalia vizuri utaona kwamba kwa kushuka njia ya uwiano hutoa shabaha iliyo karibu zaidi, na kwa kupanda njia ya kutoa ndiyo iliyo karibu. Haibadiliki, upana wowote utakaokuwa nao pembetatu.

Ushauri wangu ni kuichukua iliyo karibu, pande zote mbili. Sidai kwamba hesabu inaamuru hivyo. Ni uamuzi nilioufikia baada ya kuona altikoini nyingi zikifika kwenye shabaha ya kutoa, zikiivuka kidogo, na kugeuka kabla ya ile ya uwiano. Wenye sarafu nyingi nao wanajua mahali ambapo umati umeweka maagizo ya kuuza, na huuza kabla ya umati. Kwa hiyo katika mfano huu, anayenunua baada ya mvunjo wa 1.20 auze sehemu kubwa kidogo kabla ya 1.60, na kama atabakiza kiasi kwa ajili ya 1.80, kiwe kiasi ambacho kikirudi hadi 1.20 hakitamuumiza.

Pembetatu ya pande mbili ndiyo ngumu kuliko zote, na si kwa sababu haionyeshi upande. Ugumu wake ni kwamba mistari yote miwili imeinama, na mstari ulioinama hauko mahali pamoja katika skeli mbili. Dari au sakafu iliyolala iko kwenye bei ileile, iwe skeli ni ya kawaida au ya logi. Mstari ulioinama hauko hivyo. Tuseme kilele cha kwanza ni 0.50, na siku ishirini baadaye kuna kilele cha 0.40. Siku kumi baada ya hapo, yaani siku ya 30, mstari uliochorwa katika skeli ya kawaida umefika 0.35. Katika skeli ya logi, mstari unaopita kwenye vilele vilevile viwili uko karibu na 0.358, kwa kuwa hapo unashuka kwa asilimia na si kwa senti. Mshumaa wa siku ile ukifunga kwa 0.355, mtu mmoja atasema dari imevunjika na mwingine atasema bei bado iko ndani, na kila mmoja atakuwa mkweli kwa chati yake. Kadiri siku zinavyoongezeka ndivyo mistari hiyo inavyoachana. Kwa altikoini ambayo kilele chake cha kwanza kinazidi bonde la kwanza kwa zaidi ya theluthi hivi, mimi huchora katika logi tangu mwanzo na sibadilishi njiani. Kubadilisha skeli baada ya kuona mahali bei ilipo ni kujichagulia jibu.

Tuendelee na mfano huohuo tuupime. Bonde la kwanza liwe 0.22, kwa hiyo R ni 0.50 kugawanya kwa 0.22, karibu 2.27. Hapa shabaha haihesabiwi kutoka kwenye kilele wala bonde. Inahesabiwa kutoka kwenye bei ambayo mstari ulivunjwa. Mshumaa ukifunga juu kwa 0.37, kwa kutoa unapata 0.65 na kwa uwiano 0.84, na kwa kanuni ya kuchukua iliyo karibu unaandika 0.65. Ukifunga chini kwa 0.24, kutoa kunakupeleka tena chini ya sifuri, na uwiano unakupa karibu 0.11. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kuchukua kimo cha 0.28 na kukiweka juu ya kilele cha 0.50, akaandika 0.78 kwenye chati, akaisubiri. Bei ikifika 0.65 na kugeuka, yeye anaona imeishia njiani, kumbe imefika kwake.

Limebaki jambo ambalo pembetatu ya altikoini haiwezi kukueleza peke yake. Chati yako bila shaka ni ya jozi ya `USDT`, yaani bei inahesabiwa kwa sarafu ya kidijitali inayofuata dola. Fungua sarafu hiyohiyo katika jozi ya `BTC`, ambapo bei inahesabiwa kwa Bitcoin, kama ipo, uangalie iwapo pembetatu inaonekana na huko. Ikiwa katika jozi ya `USDT` kuna pembetatu safi na katika jozi ya `BTC` bei imelala tu bila umbo, basi unachokitazama ni kivuli cha Bitcoin: altikoini inapanda na kushuka nayo, na sakafu yako ya 0.80 itavunjika au kushikilia kulingana na litakalotokea kwenye chati nyingine kabisa. Novemba ya mwaka 2018 Ethereum ilikuwa karibu na dola 200 kabla ya sakafu ya Bitcoin kuvunjika, na katikati ya Desemba ilikuwa karibu na dola 85. Bitcoin ilikuwa imepoteza takriban nusu ya bei yake, Ethereum ikapoteza zaidi ya nusu. Aliyekuwa akipima chati ya Ethereum peke yake alikuwa akipima mwangwi.

Mimi mwenyewe nililipia somo hili Mei 2021. Nilikuwa na altikoini iliyovunja dari ya pembetatu ya kupanda kwa ujazo mzuri, mshumaa wa siku ukafunga juu, nikanunua, nikaandika shabaha. Sikufungua jozi ya `BTC`. Tarehe 19 Mei Bitcoin ilishuka hadi karibu dola 30,000 ndani ya siku moja, na sarafu yangu ikarudi chini ya dari ikaendelea mpaka chini ya bonde la kwanza la pembetatu. Umbo lilikuwa sahihi, kipimo kilikuwa sahihi, na sikuwa na agizo la kukata hasara, kwa kuwa niliamini kwamba dari iliyovunjika ingenishika. Tangu siku ile, chini ya kila shabaha ninayoiandika naandika pia bei ambayo ikifungwa nitakubali kwamba pembetatu imekwisha.

Kwa pembetatu yako ya kushuka, bei hiyo iko juu ya kilele cha mwisho kilicho ndani ya umbo. Tuseme kilele hicho ni 0.98. Mshumaa wa siku ukifunga chini ya 0.80, kwa mfano kwa 0.76, bei mara nyingi hurudi kuigusa 0.80 kutoka chini ndani ya siku chache. Anayetaka kuuza asichokuwa nacho, ili akinunue baadaye kwa bei ya chini, akiuza kwa 0.76, anahatarisha senti 22 mpaka 0.98 ili apate senti 36 mpaka 0.40, ile shabaha ya kilele cha 1.62. Akisubiri bei irudi kwenye 0.80 na kukataliwa hapo, anahatarisha senti 18 ili apate 40. Kusubiri kuna gharama yake, kwa sababu wakati mwingine bei hairudi na treni inaondoka bila wewe. Pia usiitazame njia ya kutoka 0.80 hadi 0.40 kama kisima kitupu. Ikiwa kwenye chati ya mwaka uliopita kuna sakafu ya zamani, mathalani 0.55, wanunuzi watajitokeza pale, na ni busara kuichukulia hiyo kuwa shabaha ya kwanza.

Na kama wewe unazo sarafu zenyewe na hufanyi biashara ya kuuza usichokuwa nacho, shabaha ya 0.40 ina kazi nyingine kwako. Inakuambia usikimbilie kununua kwa 0.60 kwa sababu tu jana ilikuwa 0.80 na leo inaonekana rahisi.

Usiku wa leo fanya haya kwa mpangilio. Washa `Log`, hakiki utambi wa 1.90 katika masoko mengine mawili, andika R moja utakayoishikilia, kisha fungua jozi ya `BTC`. Halafu tazama mshumaa wa siku uliofungwa saa tisa usiku wa kuamkia leo. Kama umefunga juu ya 0.80, basi bado hujapata bei ya mvunjo, na nafasi ya shabaha katika daftari lako iache wazi.